Masurufu kwa Jina la Mlango

Pale wizarani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mbele yake alikuwa Mama. Akishawapa kisogo alikuwa Mlango. Alikuwa katibu muhtasi wa Mkurugenzi wa Mipango, na meza yake ilikaa mahali ambapo huwezi kumfikia Mkurugenzi bila kupita karibu na goti lake.

"Mkurugenzi ana wageni," alikuwa akisema bila kuinua macho, hata kama Mkurugenzi alikuwa peke yake ndani akikata kucha.

Watu walimchukia, naye alijua. Aliwahi kumrudisha mhandisi kwa sababu shati halikuchomekwa. Aliwahi kumsimamisha mjane aliyekuja kufuatilia mafao ya marehemu mumewe mpaka miguu ikamvimba, kisha akamwambia arudi wiki ijayo. Si kwamba alikuwa na roho ya chuma. Alianza kazi chumba cha wapiga chapa, wanawake wengi wamebanana kama dagaa, kila mtu akiwaamrisha. Alipofika juu aliona ni zamu yake.

Wakurugenzi kadhaa walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Huyu wa mwisho ndiye aliyempata. Alikuwa mdogo kwake kwa umri, mtanashati, mwenye sauti laini kama anayebembeleza mtoto, na alimwita "dada mkubwa."

"Ofisi hii ni wewe, dada mkubwa," alimwambia mara nyingi. "Mimi mpita njia tu."

Maneno hayo Mlango aliyabeba hadi nyumbani na kumsimulia mumewe, ambaye alikuwa seremala na hakuwa mtu wa maneno. Aliyejibu alikuwa wifi yake, dada wa mume, aliyekuja kukaa nao kwa mwezi mmoja tu baada ya ndoa yake kuvunjika, akazeekea pale.

"Anayekwambia nyumba ni yako," alisema wifi akichambua mchele, "mwangalie anashika funguo ngapi."

"Wewe na mdomo wako ndiyo maana ulirudishwa kwenu."

Ndivyo walivyoishi.

Siku moja Mkurugenzi alimwita ndani akafunga mlango mwenyewe.

"Kuna kikao kazi mkoani," alisema. "Washiriki wengi, mambo ya haraka. Lakini mimi nina masurufu ya nyuma sijayarejesha, wahasibu watanikatalia. Tuombe kwa jina lako, dada mkubwa. Nikirudi nakuletea risiti zote unarejesha, yanaisha."

Masurufu si kitu kigeni kwa mtu wa wizarani. Ni fedha ya serikali anayokabidhiwa mtumishi aende nayo kwenye kazi, kisha akirudi alete risiti na salio ndani ya wiki mbili. Fomu ikishasainiwa, deni ni la mwenye jina mpaka atakaporejesha. Na mwenye deni la zamani hapewi jipya. Hata wafagizi walilijua hilo. Mlango alilijua kuliko wafagizi, lakini siku ile hakusikia hatari. Alisikia kwamba bosi hana mwingine wa kumwamini.

Aliandika fomu tatu. Moja ya ukumbi, moja ya posho za washiriki, moja ya mafuta na vifaa vya kuandikia. Kikao kilikuwa kimoja, lakini Mkurugenzi alitaka ziwe tatu, na tarehe zipishane kidogo. Hakumuuliza sababu. Katibu Mkuu wa wizara, ambaye ndiye mwenye dhamana ya fedha zote, alikuwa amemkasimu Mkurugenzi kwa barua madaraka ya kuidhinisha matumizi, lakini mpaka kikomo fulani tu. Fomu moja ya fedha zote ingekipita kikomo hicho na ingelazimika kupanda ghorofa ya juu. Tatu hazikupanda popote. Mkurugenzi aliidhinisha mwenyewe, Mhasibu Mkuu akapigiwa simu, vocha za malipo zikapita.

Fedha ziliingia kwenye akaunti ya Mlango. Kila mara alikwenda benki saa ya chakula cha mchana, akazitoa, akaziweka kwenye bahasha ya kaki, akaingia nazo ndani. Kila mara Mkurugenzi alichomoa noti kadhaa bila kuhesabu.

"Ya mboga, dada mkubwa."

Alipokea. Kwa nini asipokee?

Mumewe aliuona ujumbe wa benki kwenye simu yake ikiwa mezani. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Hizi za nani?"

"Za ofisi."

"Za ofisi zinafanya nini kwenye akaunti yako?"

"Baba watoto, wewe shika mbao zako. Mambo ya wizara huyawezi."

Seremala alisukuma simu upande wa pili wa meza, akaendelea kula. Hakuuliza tena, na hilo la kutouliza lilikuja kuwa na uzito wake baadaye.

Risiti hazikuja. Mara Mkurugenzi yuko safarini, mara ana kikao, mara "wiki ijayo, dada mkubwa, usinichoshe." Mlango akaacha kumchosha.

Wakaguzi walifika msimu wa joto. Walikuwa wawili, kutoka ofisi ya ukaguzi ya taifa, na kiongozi wao alikuwa mwanamke mwembamba, kijana, aliyevaa viatu visivyotoa sauti. Siku hiyohiyo Mlango alimpa jina: Kijiti. Lilisambaa wizara nzima kabla ya chai.

Wizara iliwapokea wakaguzi kama watu wanavyopokea kunguni. Walipewa stoo ya zamani ya makabrasha, dirisha moja lisilofunguka, meza yenye mguu mfupi. Feni iliyoletwa ilikuwa imekufa. Chai ilisahauliwa kila siku.

Kijiti hakulalamika. Alikwenda kwa Mlango kuomba faili la barua za kukasimu madaraka.

"Leta barua ya maombi," alisema Mlango.

Barua ikaja.

"Haina nambari ya kumbukumbu."

Ikarudi na nambari.

"Mkurugenzi ana wageni."

Kijiti alimtazama, kisha akatazama mlango uliokuwa wazi nusu na Mkurugenzi ndani akicheka na simu.

"Mama," alisema, "sheria inanipa haki ya kuona nyaraka zozote za wizara hii. Nikinyimwa, kunyimwa kwenyewe naandika kwenye ripoti, na jina la aliyeninyima. Niandike?"

Mlango alilitoa faili, akalitupa juu ya meza hadi kalamu zikaruka.

"Watoto wa siku hizi mmekosa malezi."

"Asante kwa faili," alijibu Kijiti.

Kwa majuma kadhaa ikawa hivyo. Wakaguzi walichukua daftari la masurufu wakalilinganisha na vocha, vocha na taarifa za benki. Kila vocha waliipekua kama mpishi anayechagua mawe kwenye maharage: nani aliomba, nani aliidhinisha, alikuwa na mamlaka hayo siku ile, kifungu cha bajeti kilikuwa na fedha, mlipwaji alikuwa na deni la nyuma. Waliandika barua kwa hoteli zilizotajwa. Waliomba kitabu cha safari za magari. Wahasibu walianza kunong'ona ngazini.

Kisha Mlango akaitwa stoo.

"Masurufu matatu yako kwa jina lako," alisema Kijiti. Hakumkaribisha kiti; kiti cha pili hakikuwepo. "Hayajarejeshwa. La pili ulipewa ukiwa na deni la kwanza, la tatu ukiwa na mawili. Nieleze."

"Muulize Mkurugenzi."

"Jina la Mkurugenzi halipo kwenye akaunti iliyopokea. Lipo lako. Zilikwenda wapi?"

"Kwenye kikao kazi."

"Ulikuwepo?"

Jasho lilimtoka Mlango chini ya kitambaa cha kichwa. Alimchukia msichana yule kwa kope zake zisizopepesa, kwa kalamu yake ya bei rahisi, kwa kutopandisha sauti.

"Mimi nimefanya kazi hapa kabla hujazaliwa," alisema.

"Hilo sijakuuliza."

"Siwezi kuhojiwa na mtoto stoo kama mwizi wa kuku!"

"Basi majibu ya wizara yatakujibia," alisema Kijiti, akafungua ukurasa mwingine.

Mlango alikwenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Alimkuta anapuliza kahawa.

"Mtoto yule ameniuliza masurufu."

"Asipouliza yeye, atauliza nani? Ndiyo kazi yake," alisema kwa ile sauti laini. "Usihofu. Nitalimaliza kwenye kikao cha mwisho. Wewe njoo uandike muhtasari kama kawaida."

Kikao cha mwisho kati ya wakaguzi na wizara kilifanyika ukumbi mdogo wa ghorofa ya juu. Katibu Mkuu alikaa kichwani, mzee mkavu aliyekaribia kustaafu na asiyetaka lolote limchafulie njia. Kulia kwake Mkurugenzi, kushoto Mhasibu Mkuu anayejifuta shingo. Wakaguzi walikaa upande wa pili. Mlango alikaa pembeni na daftari lake, miguu imepangwa vizuri, kalamu tayari.

Hoja zilisomwa moja baada ya nyingine, na Mlango akaandika. Vocha zisizo na viambatisho. Malipo kwenye kifungu kisicho chake. Kisha Kijiti akasoma: masurufu matatu, mtumishi mmoja, shughuli moja, hayajarejeshwa.

"Majibu ya wizara?" aliuliza Katibu Mkuu.

Mkurugenzi alikohoa kidogo.

"Mheshimiwa, hili ni suala la mtumishi husika. Fedha alipokea yeye kwa ajili ya kuhudumia kikao kazi nilichokiongoza. Amekumbushwa mara kadhaa kurejesha. Wizara inapendekeza akatwe mshahara mpaka deni liishe, na hatua za nidhamu zifuate."

Kalamu ya Mlango iliendelea kutembea. Aliandika "mtumishi husika." Aliandika "amekumbushwa mara kadhaa." Alipofika "akatwe mshahara" ndipo akili ilipofika kule mkono ulikokwisha kufika, na akainua uso.

Mkurugenzi alikuwa akitazama dirishani.

"Mwongo!" alisema Mlango.

Vichwa viligeuka.

"Mwongo wewe! Umenikumbusha lini? Si wewe uliyekula? Si nilikuletea kwenye bahasha mikono hii? Mnafiki! Dada mkubwa, dada mkubwa, kumbe unaninenepesha kama mbuzi wa—"

"Katibu!" Katibu Mkuu aligonga meza. "Uko hapa kuandika!"

"Nimeandika! Miaka yangu yote nimeandika!"

"Una ushahidi wa makabidhiano?" Sauti ilikuwa ya Kijiti, tulivu vilevile. Alikuwa akimtazama Mlango. "Alisaini popote kwamba amepokea?"

Yeye ambaye hakumruhusu hata mleta maji kupita bila kusaini kitabu cha wageni alifunga daftari lake.

"Hakusaini," alisema.

"Basi mimi siwezi kuandika bahasha. Naandika vielelezo."

Mhasibu Mkuu aliinamisha kichwa. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua. Katibu Mkuu alimwambia Mlango atoke, na katibu mwingine akaitwa kumalizia muhtasari. Akiwa mlangoni alimsikia Mkurugenzi akisema kwa huruma, "Ana matatizo ya nyumbani, mheshimiwa. Tumvumilie."

Nyumbani matatizo hayakuwepo mpaka alipoyapeleka. Alisimama katikati ya karakana, vumbi la mbao likimwingia puani, akamweleza mumewe yote. Seremala alisikiliza huku ameshika randa. Alikuwa amekopa kununua mashine ya kupasulia mbao, na mkopo ule ulihesabiwa juu ya mishahara miwili ya nyumba ile, wake wa mikono na wa mkewe wa mwezi.

"Nilikuuliza," alisema.

"Najua."

"Nilikuuliza hela za nani, ukaniambia nishike mbao."

"Najua, baba watoto!"

"Sasa tushike wote."

Akageuka, akaendelea kupiga randa. Hakumsemesha siku ile wala iliyofuata. Wifi ndiye aliyesema kwa wawili. "Mwenye kiti cha kuzunguka," aliimba akiwa jikoni, "leo kizunguzungu kimempata." Mlango alimrushia mwiko. Haukumpata.

Mkurugenzi alimfuata mwenyewe, kesho yake jioni, watu wakiwa wanafunga ofisi. Alivuta kiti cha wageni akaketi mbele ya meza yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dada mkubwa, ulinidhalilisha jana. Lakini nimesamehe."

"Umesamehe!"

"Nisikilize. Nilisema vile kwa sababu kule juu lazima pawe na jibu. Ukikatwa, mimi nitakurudishia kila mwezi, mkono kwa mkono. Hakuna atakayejua. Ila wale wakaguzi wamekupa nafasi ya kuandika maelezo yako, sivyo? Usiandike. Ukiandika kwamba ulinikabidhi mimi, unajifunga mwenyewe. Masurufu hayahamishwi kwa mtu mwingine. Hilo ni kosa lako, si langu. Utafukuzwa na mafao yatapotea. Nyamaza, mimi nitakulinda."

Ubaya ni kwamba alisema kweli. Mlango alizijua kanuni. Akiandika, angekiri kwamba alichukua fedha ya serikali akampa asiyeandikwa. Asipoandika, angelipa peke yake mpaka azeeke, akitegemea mkono wa mtu aliyemuuza mbele ya ukumbi mzima huku akitazama dirishani.

"Niapie," alisema.

"Naapa kwa watoto wangu."

Alirudi nyumbani akiwa nusu ameamini. Mtu anayezama hachagui jani la kushika. Usiku alipiga hesabu ya makato, akaona wataweza, wakibana. Aliamua kunyamaza.

Asubuhi alikuta binti mmoja ameketi kwenye kiti chake. Alikuwa ameshusha kimo cha kiti kwa sababu alikuwa mfupi, na kikombe cha Mlango, kile chenye maua, kilikuwa sakafuni karibu na ndoo ya taka, kimejaa vibanio vya karatasi.

"Shikamoo, mama," alisema binti kwa heshima. "Nimeambiwa nianze leo. Barua yako hii hapa."

Ilikuwa barua ya uhamisho kwenda masijala. Mlango aliangalia saini, kisha tarehe. Mkurugenzi aliisaini juzi, siku ileile ya kikao. Alipokuja kuketi mbele yake na kuapa kwa watoto wake, barua ilikuwa tayari kwenye trei.

Hakupiga kelele. Aliokota kikombe, akamwaga vibanio juu ya meza, akashuka ngazi mpaka stoo.

Kijiti alikuwa akifunga mafaili kwa kamba.

"Nataka kuandika," alisema Mlango.

"Umejua maana yake? Ukiandika ulimpa mtu mwingine, hilo pia litaingia kwenye ripoti. Sitalificha kwa sababu umenisaidia."

"Sikuja kukusaidia. Sikupendi."

"Wala mimi sijakuomba unipende," alisema Kijiti. Akachukua karatasi, akamsukumia, na akatoka kusimama kwenye korido ili amwachie kiti pekee kilichokuwepo, kile alichokuwa amekalia yeye.

Mlango aliandika kwa hasira mpaka karatasi ikachanika mahali pawili. Aliandika nani aliagiza fomu ziwe tatu. Aliandika benki, bahasha, na noti za mboga. Alipofika kwenye noti za mboga alisita, kalamu ikaelea. Angeweza kuziruka. Akamfikiria mumewe na randa yake, akaziandika.

Kijiti aliporudi alisoma akiwa amesimama. Kisha akasema jambo ambalo Mlango hakulitarajia.

"Kikao ambacho Mkurugenzi alisema alikiongoza hakikuwepo. Hoteli imetujibu kwa barua: hawakuwa na ugeni wa wizara hii. Na siku hizohizo yeye alilipwa posho ya safari ya nje ya nchi. Vocha ya posho na vocha zako ziko kwenye boksi moja."

Mlango alishika ukingo wa meza yenye mguu mfupi, ikayumba.

"Tiketi ile nilishughulikia mimi," alisema polepole. "Mimi mwenyewe. Sikuunganisha."

"Hukutaka kuunganisha."

"Ulijua haya juzi kikaoni?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nidhalilike?"

"Nilikuwa nasubiri majibu yake yaingie kwenye muhtasari," alisema Kijiti. "Alisema mbele ya Katibu Mkuu kwamba alikiongoza kikao. Sasa hawezi kulifuta. Ningemkatiza, angebadili hadithi."

"Mmenitumia. Yeye kanitumia, na wewe umenitumia."

Kijiti aliweka karatasi kwenye faili, akaandika nambari pembeni.

Ripoti ilipotoka haikumtukana mtu wala haikumpamba. Ilisema malipo yaligawanywa ili yasivuke kikomo cha madaraka yaliyokasimiwa, kwa hiyo yalifanyika bila idhini halali. Ilisema Mhasibu Mkuu aliruhusu masurufu mapya kwa mwenye deni kinyume cha kanuni. Ilisema shughuli iliyotajwa haikuthibitika kufanyika. Na ilisema mpokeaji wa masurufu alishindwa kurejesha, akakiri kumkabidhi mwingine, na anawajibika.

Mkurugenzi aliitwa mbele ya kamati ya bunge, akajibu kwa sauti yake laini, na safari hii haikumsaidia. Alivuliwa madaraka ya kuidhinisha matumizi, akatozwa sehemu kubwa ya fedha zile, akahamishiwa idara isiyo na bajeti ya kuonekana kwa macho. Jalada lake likapelekwa kwa wachunguzi, na mpaka leo linasemekana liko kwa wachunguzi. Mhasibu Mkuu alipewa onyo na kustaafu mapema. Mlango alipewa onyo kali la maandishi, akasimamishwa kupanda cheo, na akabebeshwa sehemu iliyobaki, ikakatwa kwenye mshahara mwezi hadi mwezi. Mashine ya mbao ilirudishwa dukani.

Seremala alirudi kumsemesha siku ile mashine ilipopakiwa kwenye gari. "Shika upande huo," alimwambia. Akashika. Walipoisukuma juu ya ubao, wifi alitoka jikoni akashika nyuma bila kusema neno lolote, na kwa mtu kama wifi hilo lilikuwa jambo zito.

Masijala ilikuwa chini kabisa, na watu walipeana faili kupitia dirisha dogo la waya. Siku za kwanza walipanga foleni kumtazama. "Mlango umegeuka dirisha!" walisema, wakacheka hadi machozi. Mhandisi wa shati alikuja makusudi kuomba faili asilolihitaji, na shati lake limening'inia nje. Mlango alimtafutia lile faili, akampa, akamwambia asaini. Alimsainisha mara mbili.

Mjane aliyefuatilia mafao naye alikuja. Hakumcheka. Aliuliza tu faili la mumewe, na Mlango akalitafuta asubuhi nzima, rafu hadi rafu, mpaka akalipata limeanguka nyuma ya kabati. Alimpa bila kumwomba radhi. Hakujua maneno ya kuanzia. Mjane alilichukua, akahakiki jina, akaondoka bila kuaga.

Mwaka uliofuata, Mhasibu Mkuu wa zamani alifiwa na mkewe. Wizara nzima ilikwenda msibani, watu wakakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Mlango alikuwa akigawa maji pamoja na wanawake wengine. Alipoinuka na trei akamkuta Mkurugenzi wa zamani mbele yake, suti ileile nzuri, nywele zimeanza mvi pembeni. Alikuwa akisalimia watu mmoja mmoja, na zamu ikawa imemfikia.

"Dada mkubwa," alisema, akanyoosha mkono. "Yaliyopita si ndwele. Tuko msibani."

Waliokaa karibu walinyoosha shingo.

Mlango alimtazama usoni muda wa kutosha. Mikono yake ilikuwa na trei. Angeweza kuiweka chini.

"Maji?" alisema.

Mkono wa mwanamume ulibaki hewani. Kisha ukashuka, ukachukua glasi moja. Mlango akampita, akaenda kuwapa maji waliokuwa nyuma yake.